Pete ya kutoka Uingereza: namba 7 ni N, N½ au O? Chati tatu, majibu matatu

#1 KijanaWaTudor

Salaam wanajukwaa. Harusi yangu in sha Allah iko miezi miwili mbele. Pete zote mbili tunaziagiza duka moja la Uingereza, kwa vile dadangu yuko Birmingham na atakuja nazo mkononi. Duka lenyewe linauza kwa herufi, na mimi kwa pete najua namba tu.

Jana jioni nilimpima mchumba wangu kidole. Nilizungushia kamba nyembamba ya kufungia vifurushi, nikatia alama kwa kalamu, nikailaza juu ya rula. Ikatoka milimita 57. Nikatazama chati mtandaoni: 57 ni namba 8 ya Marekani, herufi P½. Lakini mwaka jana alipimwa kwa sonara Mji wa Kale akaambiwa yeye ni 7, na kidole hakijanenepa.

Nikasema basi nishike hiyo 7 niigeuze herufi. Chati ya kwanza yasema N. Ya pili N½. Ya tatu O. Mimi mwenyewe nilishapimwa dukani nikaambiwa 10. Pete zote mbili zina upana wa milimita 6, dhahabu ya karati 18, hazina mawe. Nipeleke herufi gani? Duka halirudishiwi pete ikishachongwa jina ndani.

#2 HalwaYaMoto

Peleka O. Ikipwaya sonara ataipunguza, ikibana utalia. Hongera kwa harusi.

#3 MamaZuwena

Mwanangu hongera, Mungu awajaalie. Mimi zangu niliagiziwa Mumbai, nikasema nataka 2.4 kama nivaavyo siku zote, zikaja 2.6, zikawa zinateleza mpaka kwenye kiwiko nikiinua mkono. Kwa hiyo hakikisha wakuandikie namba kwenye karatasi.

#4 KijanaWaTudor

Shukran mama, lakini hizo si bangili? Yangu ni pete.

#5 FundiNdiaKuu

Nimefanya kazi ya dhahabu miaka 31, kijana, kwa hivyo nisikilize kidogo.

Kwanza hiyo 57 yako itupe. Kamba ukiizungushia kidole, urefu unaousoma kwenye rula ni ule unaopita katikati ya unene wa kamba. Pale inapogusa ngozi ni pafupi zaidi. Kamba ya vifurushi ina unene kama wa milimita 1. Nusu yakaa upande huu wa kidole na nusu upande wa pili, kwa hiyo kipenyo kimeongezeka milimita 1 nzima. Zidisha kwa pai, utaona umejiongezea milimita 3.1. Toa hiyo kwenye 57, wabaki na 53.9. Nayo 53.9 iko jirani kabisa na ile 7 aliyoambiwa Mji wa Kale. Sonara yule hakukosea.

Hata hivyo, 53.9 nayo usiishike kama msahafu. Kamba hubonyeza nyama. Ukivuta sana inapunguza, ukilegeza inaongeza. Tumia ukanda wa karatasi ya kawaida, ukate kwa upana wa milimita 6 sawa na pete yenyewe. Unene wa karatasi ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, nyongeza yake ni milimita 0.3 tu. Pima mara tatu kwa nyakati tofauti, uje hapa utuambie.

Mama Zuwena, bangili za Kihindi hupimwa kwa inchi. Ile 2.4 ni inchi 2 na sehemu 4 za kumi na sita, si mbili nukta nne. Kipenyo chake ni milimita 57, na 2.6 ni 60. Aliyekutumia alikuongezea milimita 3 za kipenyo, ndiyo maana zilipanda kiwikoni.

#6 MamaZuwena

Subhanallah, miaka yote hii nadhani ni nukta! Shukran fundi. Haya endeleeni na pete.

#7 Toa40

Nyote mwajisumbua. Siri ni moja: toa 40. Chukua mzingo wa ndani kwa milimita, toa arobaini, umepata namba ya Ulaya. Ukitaka ya Marekani, gawa kwa mbili. Mimi mke wangu nilimnunulia pete ya Kiitaliano iliyoandikwa 14. 14 gawa kwa 2 ni 7, na yeye ni 7 kweli, imemkaa kama aliyezaliwa nayo. Sihitaji chati wala herufi.

Kwa hiyo kijana, wewe ni 10, zidisha kwa mbili ni 20, ongeza 40, mzingo wako ni 60. Waambie Waingereza 60, watajua herufi yao wenyewe.

#8 BahariaMstaafu

@Toa40 usimtie kijana wa watu hasarani. Hesabu hiyo yako ndiyo iliyoniumiza mimi.

Tulitia nanga Genoa, nikaona pete ya kiume nzuri, muuzaji akaniuliza namba, nikasema 10. Akanitazama kidole, akacheka, akasema 10 kwao ni ya mtoto wa kike. Mwenzangu mmoja melini akaja na maneno kama yako, zidisha kwa mbili. Nikachukua 20. Ikaingia mpaka kwenye kifundo ikakataa. Nikaisukuma kwa sabuni, ikapita, nikasema basi imekaa. Siku ya pili kidole kimevimba kama ndizi mshale. Mhandisi wa meli akaikata kwa msumeno wa chuma, na ndiyo ikawa mwisho wa pete.

Kwa mke wako imekubali. Kwangu haikukubali. Kwa nini, sijui, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa.

#9 MwalimuHesabu_Kisauni

Baharia, sababu ipo na inaonekana kwenye hesabu. Ngoja niiweke taratibu.

Namba za Italia huenda kwa mzingo. Kila namba moja ni milimita 1 ya mzingo, kuanzia 40. Hispania na Uswisi ni vivyo hivyo. Hapo ndugu Toa40 yuko sawa. Namba za Marekani huenda kwa kipenyo. Namba 0 ni kipenyo cha milimita 11.63, na kila namba nzima huongeza 0.8128, ambayo ni inchi 0.032:

```
kipenyo = 11.63 + 0.8128 × namba
mzingo  = kipenyo × 3.1416
```

Kwa mzingo, kila namba ya Marekani ni kama milimita 2.55. Sasa ukisema namba moja ya Marekani ni sawa na mbili za Italia, unasema ni milimita 2. Kila hatua unapoteza nusu milimita na ushee. Mistari hiyo miwili hukutana karibu na namba 6, ndipo huachana.

Weka 7: kipenyo 17.32, mzingo 54.4. Njia ya Toa40 inatoa 54. Tofauti ni ndogo, mke amefurahi. Weka 10: kipenyo 19.76, mzingo 62.1. Njia ya Toa40 inatoa 60. Milimita 2 nzima zimepotea, na hizo ndizo zilizomkaba Baharia Genoa. Vidole vingi vya wanawake viko kati ya 5 na 8, kwa hiyo hila hii huonekana inafanya kazi nyumbani kwa mke, kisha inamwangusha mume.

Sasa herufi. Kwa kiwango cha Uingereza cha 1987, BS 6820, herufi C ni mzingo wa milimita 40, na kila herufi inayofuata huongeza 1.25. Hesabu kwa vidole kutoka C: N iko hatua 11 mbele, ni 53.75. N½ ni 54.375. O ni 55. Kijana, 7 yako ya 54.4 imeangukia N½ karibu kabisa. Na 10 yako ya 62.1 ni T½, ambayo ni 61.875. Ungepeleka 60, ungeletewa S, herufi moja na nusu chini.

#10 Toa40

Mwalimu nimekubali upande wa wanaume. Lakini kwa Ulaya toa 40 ni sahihi, hilo halipingiki.

#11 BintiHamburg

Halipingiki Italia. Mimi niko Ujerumani mwaka wa tisa na sijaona duka la hapa linalotoa 40. Hapa pete ya mchumba wa kaka yetu ingeandikwa 54, mzingo mzima bila kutoa chochote, na Ufaransa leo nako ni hivyo. Maduka mengine hapa huandika kipenyo, 17.2. Hata kuna kiwango cha kimataifa, ISO 8653, kinachosema saizi ya pete ni mzingo wa ndani kwa milimita.

Taabu yangu ilikuwa hiyo ya kipenyo. Dadangu wa Likoni aliniandikia "ninunulie 17", kwa sababu aliona 17 kwenye pete ya rafiki yake iliyotoka huku. Nikaingia duka la Kiitaliano mtandaoni nikaagiza 17. Ikaja pete ya mzingo 57. Yeye alimaanisha kipenyo 17, yaani mzingo 53.4. Ile pete anaivaa kidole gumba mpaka leo.

Namba tupu msipelekeane. Andikeni "mzingo wa ndani milimita kadhaa", maneno yote.

#12 KijanaWaTudor

Nimeandika yote daftarini. @MwalimuHesabu_Kisauni, lakini bado sijaelewa. Kama hesabu ni moja na 7 ni N½, ile chati ya N na ile ya O zimetoka wapi? Wote hao hawajui hesabu?

#13 MwalimuHesabu_Kisauni

Wanajua, wanakadiria tu. Maduka mengi hutengeneza herufi nzima pekee, hawana N½ kwenye kabati. Mmoja anashuka mpaka N, mwingine anapanda mpaka O, kila mmoja akaandika chati ya bidhaa zake. Wako wanaotengeneza mizingo ya namba shufwa pekee, 50, 52, 54, 56. Wao 7 wataiita 54, na 54 ukiigeuza tena kuwa herufi itaangukia N. Ukigeuza mara mbili, makosa mawili yanapandana. Chati inayokwenda kutoka namba mpaka milimita, kisha kutoka milimita mpaka herufi, inaweza kukuhamisha herufi nzima bila mtu kukosea hesabu hata moja.

#14 KaleNaSasa

Mwalimu kwa heshima zote, sidhani ni kukadiria tu. Kabla ya hicho kiwango cha 1987, herufi za Waingereza zilikwenda kwa kipenyo, kila herufi sehemu moja ya 64 ya inchi. Walipohamia milimita za mzingo, chati za zamani hazikufutwa, bado zinanakiliwa mtandaoni. Ndiyo maana hazipatani.

#15 MwalimuHesabu_Kisauni

Historia yako ni ya kweli, lakini ipime. Sehemu moja ya 64 ya inchi ni milimita 0.397 za kipenyo. Mara pai ni 1.247. Kipimo kipya ni 1.25. Kutoka C mpaka N ni hatua 11, tofauti yote hailingani hata na unywele. Kubadilika kwa hatua peke yake hakuwezi kuzaa herufi nzima.

#16 FundiNdiaKuu

Nyote mwaongea chati, mimi nitasema chuma. Nina vijiti viwili vya kupimia pete hapa mezani, vya viwanda viwili, vyote vimeandikwa namba za Marekani. Pete moja ile ile, kimoja chasema 7, kingine chasema 7 kasoro robo. Vilikuja hivyo tangu vipya. Kwa hiyo mteja anayeniambia "mimi ni 7" ananiambia habari za kijiti cha mtu mwingine. @KaleNaSasa, ikiwa chati zilitokana na vijiti kama hivi, basi hata bila 1987 zingegombana.

Liko jambo jingine hata sonara wengine hulikosea. Kijiti ni chembamba juu na kinanenepa kuelekea chini, lakini pete imenyooka. Pete ya milimita 6 ikisimama kwenye kijiti, inagusa kwa ukingo wake wa upande mnene tu. Ukisoma katikati ya pete, unasoma ndogo kuliko ilivyo. Pete nyembamba haidhuriki. Pete pana inaweza kupishana robo namba. Soma pale dhahabu inapogusa.

#17 KaleNaSasa

Bado nasema vijiti vya zamani vya Waingereza huenda vilianzia mahali tofauti, sizungumzii hatua peke yake. Lakini hoja ya fundi ina uzito.

#18 PwaniPrinta

Nimesoma yote, hakuna aliyetaja kuchapisha. Nina duka dogo la kuchapisha karibu na Mwembe Tayari, na watu huleta zile chati zenye miduara: unaweka pete yako juu ya duara mpaka ilingane. Kompyuta ikiachwa kwenye "Fit to page" inaipunguza ili iingie kwenye karatasi. Ikipungua asilimia 4 kwa macho huoni. Lakini pete ya kipenyo 17.3 itakaa juu ya duara lililoandikwa 18, utajidhania karibu 8 na wewe ni 7.

Chagua "Actual size", kisha kabla ya kuweka pete, weka kadi ya benki juu ya karatasi kwenye ule mchoro wa kadi. Kadi zote upana wake ni milimita 85.6. Kama mchoro una rula pekee, pima rula hiyo kwa kadi. Kadi ikisomeka 89 badala ya 85.6, karatasi hiyo ni ya kufungia viazi.

#19 HalwaYaMoto

Uzi huu ulianza na kamba, sasa uko kwenye kadi ya benki. Kijana harusi itafika hujaagiza!

#20 BintiHamburg

Ukiwa na pete inayomkaa tayari kwenye kidole hicho hicho, acha kamba na karatasi. Pima kipenyo cha ndani kwa kalipa ya fundi wa mashine, ile yenye midomo miwili ya kupimia ndani. Pima mara mbili kwa kupishana, maana pete nyingi zilizovaliwa zimegeuka yai. Jumlisha gawa kwa mbili, zidisha kwa pai. Rula ya shule usitumie kwa kipenyo. Ukikosea milimita 0.4, ambayo jicho halioni vizuri, umeshakosea nusu namba ya Marekani, sawa na herufi moja ya Waingereza.

#21 UmmuSwaleh

Samahani naingia kando kidogo. Mimi pete yangu haitoki, imekaza tangu nijifungue. Mnashauri sabuni au mafuta ya nazi?

#22 FundiNdiaKuu

@UmmuSwaleh usiivute kama kidole kimebadilika rangi au kimekufa ganzi, nenda hospitali sasa hivi wakaikate. Kama ni kukaza tu, inua mkono juu ya kichwa dakika chache asubuhi penye baridi, halafu mafuta, halafu zungusha, usivute moja kwa moja. Ikishindikana njoo, nina mkasi mdogo wa gurudumu, haugusi ngozi. Dhahabu iliyokatwa naiunga tena.

#23 KijanaWaTudor

Nimerudi na vipimo. Ukanda wa karatasi, upana milimita 6, kama alivyosema fundi. Nimeshatoa ile 0.3 ya karatasi.

Asubuhi saa moja: 53.5. Alasiri saa kumi, tumetoka kuvuka feri kwa miguu, jua kali: 54.7. Usiku saa tatu: 54.0.

Amejaribu pia pete ya dadake, inamkaa vizuri ila ni nyembamba, upana milimita 2. Jirani mmoja fundi wa jenereta ana kalipa. Kipenyo 17.2 upande mmoja na 17.3 upande wa pili, wastani 17.25. Mara pai ni 54.2.

Kwa hiyo niko kati ya N½ na O, sivyo? Mimi mwenyewe nimepata 62.3 alasiri na 61.6 asubuhi.

#24 MwalimuHesabu_Kisauni

Kazi safi. Pete ya dadake ndiyo shahidi bora. 54.2 ni N½ kwa herufi ya karibu. Wewe T½.

#25 FundiNdiaKuu

Mwalimu, hapo hesabu imefika mwisho wake na kidole kimeanza. Pete ya dadake ni ya milimita 2. Pete pana hushika nyama nyingi zaidi, nyama haina pa kukimbilia, mtu anaona imebana ingawa mzingo ni ule ule. Kwa upana wa milimita 6 kwenda juu mimi humwongezea mteja nusu namba ya Marekani, sawa na herufi moja. Kwa hiyo 54.2 ya pete nyembamba inakuwa kama 55 na kitu kwa pete pana. Na kwa alasiri ya Mombasa amepima 54.7. Mimi nasema O, na wewe bwana harusi U.

Isipokuwa uwaulize duka kama ndani ya pete kumeviringwa. Kuna pete ambazo sehemu ya ndani imetunishwa kidogo, hazikai bapa juu ya ngozi. Hizo hupita kwenye kifundo kwa urahisi na huhisiwa kubwa zaidi. Zikiwa hivyo, shuka nusu herufi, rudi N½.

#26 MwalimuHesabu_Kisauni

Fundi, ukanda wake wa karatasi nao ulikuwa wa milimita 6, upana huo umeshaingia kwenye kipimo. Usiuhesabu mara mbili.

#27 FundiNdiaKuu

Karatasi hujipinda na kufuata kidole, dhahabu haipindi. Si kitu kimoja. Lakini ni kweli kiasi fulani kimeshaingia, ndiyo maana sikusema O½.

#28 BahariaMstaafu

Mimi niko na fundi. Kwa kidole cha mwanamume kifundo ni kikubwa kuliko shina. Kijana pima na kifundo, usije ukasukuma kwa sabuni kama mimi.

#29 KijanaWaTudor

Nilisahau jambo moja. Mchumba anafundisha Limuru, huku yuko likizo tu. Baada ya harusi atarudi kule mpaka apate uhamisho.

#30 BintiHamburg

Hilo ulipaswa kulisema mwanzo! Limuru asubuhi ya Julai vidole husinyaa. Mimi pete yangu inayonibana nikija Mombasa Desemba, huku Hamburg wakati wa baridi nimeshaidondosha mara mbili ndani ya glovu. Kwake O itateleza anapofuta ubao. Nasema N½.

#31 HalwaYaMoto

Na uhamisho ukija mwakani? Nabaki na O yangu tangu jibu la pili.

#32 FundiNdiaKuu

Kwa baridi ya Limuru naweza kuelewa N½. Lakini pete ya kubana nikiipanua kutoka N½ mpaka O nanyoosha tu kidogo, au naongeza kipande kisichofika milimita 1. Yenye jina lililochongwa ndani ukiikata, jina linakatika au linavutika. Muulizeni dada wa Birmingham kama wanaweza kuchonga jina upande mmoja tu, waache nafasi chini ya pete. Hapo ndipo sonara yeyote atakapokata bila kuharibu. Kwa karati 18 isiyo na mawe hakuna tabu. Ingekuwa ya tangsteni au iliyozungushiwa mawe pande zote, ningekwambia usiagize mpaka uwe na uhakika.

#33 KijanaWaTudor

Dadangu amepiga simu dukani leo. Majibu: nusu herufi wanatengeneza kwa kuagiza, bila nyongeza ya bei. Ndani ya pete ni bapa, hakujatunishwa. Kuchonga upande mmoja wanaweza. Alipowauliza O yao ni milimita ngapi ndani, wakamwambia 55.0, sawa na alivyoandika mwalimu. Alipowauliza namba 7 ya Marekani ni herufi gani kwao, msichana wa kwanza akasema N½, mwenzake nyuma akasikika akisema O.

Yangu nimeamua T½ na nusu juu, yaani U, kwa sababu kifundo kimepimwa 63. Ya mchumba nimempa mwenyewe achague, nimemsomea uzi wote. Dadangu anapeleka oda Ijumaa.

#34 Toa40

Kila la heri kijana. U ni mzingo gani?

#35 MwalimuHesabu_Kisauni

C mpaka U ni hatua 18. 18 mara 1.25 ni 22.5, ongeza 40, ni 62.5. Ukitoa 40 yako, kwa Mwitaliano ni 22 na nusu.

#36 MamaZuwena

Na mimi nimepima bangili zangu zote kwa rula baada ya maneno ya fundi. Mbili zilizoandikwa 2.6 zimetoka 60, moja imetoka 58. Fundi, hiyo ya 58 ni nini?

#37 FundiNdiaKuu

Imebonyea mama, au aliyeandika alikosea. Pima kipenyo kwa kupishana kwanza, upande huu na upande ule, kisha uniambie.